Runinga ya chogo: doa la rangi kwenye kona na picha inayopanda

"Fundi, shikamoo. Niko Mikindani, nina TV ya chogo ya inchi 21. Baada ya kuuza korosho tulinunua sabufa tukaiweka ubavuni mwa TV, upande wa kulia. Kona ya chini ikawa kijani, ya juu ikawa zambarau. Sabufa nimeshaitoa, TV nazima na kuwasha kila siku kwa rimoti, lakini madoa yapo palepale. Tena tangu wiki iliyopita picha ya king'amuzi inapanda juu kwa kasi na haina rangi. Fundi mmoja kasema tyubu imekufa. Jirani anasema nipitishe sumaku kwenye kioo. Mwanangu anataka kuifungua aisafishe. Nifanye lipi ambalo halitatuua?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza mwambie kijana arudishe bisibisi mahali pake, nitaeleza sababu mbele. Sumaku ya jirani nayo irudi kwake. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili hata moja ya tyubu iliyokufa. Tyubu iliyochoka hutoa picha hafifu, inayochukua dakika kadhaa kupata mwanga, na rangi ikikosekana hukosekana kioo kizima. Haichagui kona mbili za upande ule ule uliowekewa sabufa.

Una matatizo mawili yasiyohusiana. Madoa ni suala la sumaku, na picha inayopanda ni suala la mawimbi yanayotoka kwenye king'amuzi. Yamekutokea kwa karibu ndiyo maana yanaonekana kama ugonjwa mmoja, na fundi akiyaunganisha ni rahisi kusema kifaa chote kimekwisha.

Tuanze na madoa. Nyuma kabisa ya chogo, kwenye shingo nyembamba ya kioo, kuna mitambo mitatu midogo inayorusha elektroni kuelekea mbele, mmoja kwa ajili ya rangi nyekundu, mmoja kijani, mmoja bluu. Elektroni zenyewe hazina rangi. Rangi inatoka kwenye vidoa vya unga unaong'aa uliopakwa ndani ya kioo cha mbele, na vidoa hivyo vimepangwa vitatu vitatu, vidogo kiasi kwamba ukisogeza jicho karibu sana na kioo ndipo unaviona. Ili mrusho wa nyekundu upige vidoa vyekundu tu, kuna bati jembamba la chuma lenye matundu maelfu kwa maelfu, limesimama sentimita moja au mbili hivi nyuma ya kioo. Kila mrusho unapita tunduni kwa pembe yake na kuangukia kidoa chake. Hesabu hiyo ni ya sehemu ndogo za milimita.

Sasa elektroni hupindishwa na sumaku. Spika ya runinga yenyewe imetengenezwa kwa namna ya kuzuia sumaku yake isitoke nje, lakini sabufa nyingi za kawaida hazina kinga hiyo, na sumaku iliyo nyuma ya spika yake ni kubwa. Ukiiweka ubavuni, mrusho uliotakiwa kupiga nyekundu unasogea kidogo na kuangukia jirani yake wa kijani. Kona zinaumia zaidi kwa sababu mrusho unaoenda kona husafiri mbali kuliko ule wa katikati na hupita tunduni kwa mshazari, kwa hiyo kupinda kidogo tu kunatosha kuukosesha shabaha.

Lakini sabufa umeitoa, kwa nini doa limebaki? Kwa sababu lile bati la matundu ni chuma, na chuma kikikaa na sumaku muda mrefu nacho kinageuka sumaku. Sabufa imeondoka, ila bati limebaki na kumbukumbu yake. Watengenezaji walilijua hili, ndiyo maana kila runinga ya rangi ya chogo ina koili ya waya iliyozungushwa nyuma ya kioo kwa ajili ya kufuta sumaku hiyo. Ukiwasha, umeme wa nyumbani unapita kwenye koili ukiwa mkubwa, unageuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kisha unapungua haraka hadi karibu na sifuri. Sumaku ya bati inavutwa huku na huku, kila mara kidogo kuliko mara iliyopita, kama bembea iliyoachwa bila mtu wa kuisukuma, mpaka inatulia bila kuelemea upande wowote.

Kinachopunguza umeme huo ni kipande kidogo ambacho mafundi wanakiita posista. Kikiwa cha baridi kinaruhusu umeme mwingi kupita. Umeme huo huo unakichemsha, na kikichemka kinaziba. Kazi yote inaisha ndani ya sekunde moja au mbili. Hapo ndipo lilipo kosa lako la kila siku, na si lako peke yako. Ukizima kwa rimoti, kwenye runinga nyingi umeme unaendelea kuingia hadi kwenye posista, kile kitaa chekundu kikiwa kinawaka, na posista inabaki ya moto usiku kucha. Asubuhi ukiwasha kwa rimoti, koili haifanyi chochote. Unaweza kuzima na kuwasha hivyo mwaka mzima na doa lisisogee. Ndivyo ilivyo pia umeme ukikatika na kurudi baada ya dakika mbili: posista haijapoa, kwa hiyo haifanyi kazi.

Basi fanya hivi. Sabufa ikae angalau mita moja na nusu kutoka kwenye runinga, na usiirudishe hata baada ya kupona. Angalia na vitu vingine vilivyo karibu: stebilaiza yenye transfoma kubwa, redio ya zamani yenye spika kubwa, feni ya mezani. Kama runinga imekaa juu ya stendi ya chuma iliyochomelewa, ihamishie meza ya mbao kwa siku hizi za majaribio, maana stendi nayo inaweza kuwa imebeba sumaku. Runinga ihamishwe ikiwa imezimwa na plagi imetolewa. Inabebwa na watu wawili, kioo kikielekea kifuani, kwa sababu uzito mwingi uko mbele.

Kisha zima kwa swichi kubwa iliyo kwenye runinga, ile ya kubonyeza kwa kidole, au chomoa plagi ukutani. Iache nusu saa kamili, na kwa joto la Mikindani mchana ningeiacha saa nzima. Rudisha umeme ukiwa umesimama karibu na runinga, chumba kikiwa kimya. Utasikia "vumm" fupi, mara moja, mara nyingine na kibati kinachotetemeka kidogo. Hiyo ndiyo koili. Ukiisikia, ujue mtambo wa kufuta sumaku ni mzima.

Usipime matokeo kwa kuangalia tamthilia. Weka picha ya rangi moja. Chomoa nyaya za king'amuzi ubaki na kioo cha bluu kama runinga yako inacho, au cheza kitu cheupe kitupu. Kama utapata chekundu kitupu ni bora zaidi, kwa kuwa nyekundu ndiyo inayoonyesha mapema mrusho ukikosa shabaha. Piga picha kwa simu ukiwa umesimama palepale kila mara, ili kesho ulinganishe picha na picha. Jicho huzoea doa, ukajidanganya kwamba limepungua.

Rudia zoezi mara tano au sita katika siku mbili tatu, kila mara na mapumziko yake. Doa la sabufa iliyokaa wiki chache kwa kawaida hupungua hatua kwa hatua: zambarau inafifia kwanza, kisha mpaka wa kijani unarudi kuelekea kona. Likiwa linapungua, endelea. Likigoma kabisa ingawa "vumm" unaisikia, sumaku imezidi uwezo wa koili ya ndani na unahitaji fundi mwenye koili ya mkononi. Usiposikia mlio wowote hata baada ya runinga kulala bila umeme usiku mzima, huenda posista imekufa au miguu yake imeachia risasi kwenye sakiti. Hicho ni kipande cha bei ndogo na fundi anakibadilisha kwa muda mfupi.

Ushauri wa jirani una mantiki yake, ila umekosa nusu ya pili. Sumaku ya kawaida haigeukigeuki mwelekeo. Ukiipitisha kiooni unafuta doa moja unaandika jingine, na sumaku ndogo zenye nguvu, zile zenye rangi ya fedha zinazotolewa kwenye vifaa vya kompyuta, zinaweza hata kuvuta lile bati jembamba likapinda. Bati likipinda hakuna koili itakayolinyoosha.

Kupinda kwa bati ndilo jambo unalotakiwa kulitofautisha na sumaku, hasa kwa runinga zilizonunuliwa mtumba zikasafiri nyuma ya bodaboda. Runinga iliyoanguka au kugongwa hupata doa lenye mpaka mkali, lisilobadilika hata uigeuze chumba kizima. Doa la sumaku hubadilika kidogo ukiigeuza. Lipo na doa la aina ya tatu, linalokuja runinga ikiwa imewaka muda na picha ikiwa na mwanga mkali sehemu moja, kisha linaondoka lenyewe picha ikiwa ya giza. Hapo bati limepata joto na kutanuka. Dawa yake ni kupunguza mwanga na kontrasti kwa rimoti, na wala si ugonjwa wa kumwita fundi.

Na kwa wengine watakaosoma, wenye rangi iliyoelemea kidogo kioo kizima tangu siku walipoinunua runinga iliyotoka Ulaya: dunia yenyewe ni sumaku, na uelekeo wake wa juu na chini huku kwetu kusini mwa ikweta ni kinyume cha kule kaskazini. Viwanda vilikuwa vikipanga tyubu kulingana na sehemu ya dunia zitakakouzwa. Iliyopangwa kwa ajili ya kaskazini inaweza kuwa na rangi isiyotulia Mtwara bila kuharibika chochote. Kuielekeza ukuta mwingine husaidia kidogo, ila kusahihisha kabisa ni kazi ya pete za sumaku zilizo shingoni mwa tyubu, na huko si pa mtu wa nyumbani.

Sasa picha inayopanda. Umenipa maneno mawili muhimu: kwa kasi, na haina rangi. King'amuzi chako kina sehemu ya kuchagua mfumo wa picha, PAL au NTSC. Runinga zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zetu ni za PAL, zinachora picha kwa mipigo 50 kwa sekunde. NTSC inatuma 60. Runinga inayojua PAL peke yake ikiletewa mipigo 60 haiwezi kuifuata, hivyo picha inakimbia, na kwa kuwa rangi nayo imefungwa kwa mtindo mwingine, inabaki nyeusi na nyeupe. Uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto au mgeni alikuwa akibonyeza bonyeza menyu wiki hiyo.

Ili kuthibitisha, ongeza sauti kwa rimoti ya runinga. Ule mstari wa sauti unachorwa na runinga yenyewe. Ukisimama imara huku picha nyuma yake inakimbia, sakiti ya kuchora picha inafanya kazi, ila haishikani na kinacholetwa. Kisha unganisha deki ya DVD ya jirani kwenye matundu hayo hayo. Picha ya DVD ikitulia, king'amuzi ndicho chenye mpangilio mbaya.

Shida ni kwamba menyu ya king'amuzi nayo inakimbia pamoja na picha, huwezi kuisoma. Usihangaike kubahatisha. Kibebe kwa mwenye runinga bapa, ambazo kwa kawaida hupokea mifumo yote miwili, fungua mipangilio ya picha au ya TV, chagua PAL, hifadhi, rudi nacho nyumbani. Kama ingekuwa deki ya DVD, rimoti nyingi zina kitufe kilichoandikwa N/P au P/N, unabonyeza mara moja au mbili tu.

Ukirudi na PAL na picha bado inapanda, tazama kasi. Kupanda polepole, kunakotulia kisha kuanza tena, mara nyingi ni waya wa njano wenye kutu kwenye ncha. Upepo wa bahari unakula vichwa hivyo vya waya haraka. Zima vyote viwili, chomoa, sugua ncha kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke, rudisha huku ukiizungusha kulia na kushoto mara kadhaa. Kwa runinga kongwe zaidi kuliko yako, zenye kitufe cha kuzungusha nyuma kilichoandikwa V-HOLD, kitufe hicho kiliwekwa nje makusudi ili mwenye nyumba akiguse. Kizungushe taratibu kwa vidole, bila kuingiza kitu chochote kwenye matundu ya jirani.

Lakini picha ikipanda kwa kila chombo unachounganisha, au ikajikunja juu, au ikabanwa ikabaki mstari mmoja mweupe katikati, sakiti ya ndani imeugua na hakuna kitufe cha nje kitakachosaidia. Ukiona ule mstari mmoja, zima runinga papo hapo. Nguvu yote ya kioo inakuwa imemwagika mahali pamoja na itaunguza unga ukabaki na kovu.

Sasa kuhusu kijana na bisibisi. Runinga ya inchi 21 inasukuma elektroni kwa umeme wa volti 25,000 hivi, unaoingia kwenye tyubu kupitia ile kofia ya mpira iliyo mgongoni mwa kioo. Tyubu yenyewe inahifadhi umeme huo baada ya plagi kutolewa, na unaweza kukaa saa nyingi, hata siku. Chini kwenye sakiti kuna kapasita kubwa ambayo runinga ikiwa imewaka inabeba volti zaidi ya 300, na ikiwa na hitilafu nayo haijimalizi upesi. Hii ya pili ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ile kofia ya mpira kwa kawaida inamrusha mtu nyuma, akaangukia runinga na kuvunja shingo ya tyubu. Kapasita inashika mkono. Kwa hiyo kuchomoa plagi kisha kufungua si kinga. Fundi anayejua hutoa umeme wa tyubu kwa waya uliofungwa kwenye ule msuko wa ardhi unaozunguka mgongo wa tyubu, kabla hajagusa kitu. Si kazi ya kujifunzia kwenye runinga ya nyumbani.

Kama hamu ni usafi, vumbi la nje la matundu linatolewa kwa brashi kavu laini, plagi ikiwa imechomolewa. Usipulizie maji wala dawa ya mbu kwenye matundu. Ukisikia runinga inatoa mlio kama wa mafuta ya kukaangia hasa jioni zenye unyevu, ukanusa harufu kali inayofanana na ya radi iliyopiga karibu, chomoa: chumvi na unyevu vimetengeneza njia ya umeme kuvuja pembeni mwa ile kofia. Ndani panahitaji kusafishwa, na hiyo kazi ni ya fundi.

Ukifika kwa fundi Mtwara mjini, usimwambie "tyubu imekufa", maana utakuwa umemwandikia jibu. Mwambie: kona zilipata sumaku ya sabufa, nimejaribu mara sita kwa kuzima swichi kubwa na kuipumzisha. Muulize kama ana koili ya kufutia sumaku. Akiwa nayo, mwangalie anavyofanya. Ataizungusha mbele ya kioo, rangi zote zitachafuka kwa kutisha, kisha atarudi nyuma taratibu, mita mbili hivi, ndipo aachie swichi. Akiizima ikiwa karibu na kioo atakuwa ameweka doa jipya, naye itabidi aanze upya. Kazi nzima ni ya dakika chache na haihitaji kufungua mfuniko, kwa hiyo bei yake isilingane na ya kubadilisha vipuri.

Akikuthibitishia kwamba bati limepinda, mwombe akuonyeshe kwa kuigeuza runinga ikielekea upande mwingine na kupitisha koili tena mbele yako. Doa likiwa halijasogea hata kidogo, amini. Hapo usitoe hela ya matengenezo. Itazame na kona yake hivyo hivyo hadi utakapopata nyingine, na ikifika siku ya kuitupa, watoto wasiivunje kioo kuchukua shaba: ndani hakuna hewa, kioo kinaweza kupasuka na kurusha vipande, na kioo chenyewe kina madini ya risasi.

Jaribio la kwanza unaweza kulifanya leo. Chomoa plagi sasa, nenda na king'amuzi kwa jirani mwenye runinga bapa, kirekebishe PAL, kaa kidogo mpige soga. Ukirudi posista itakuwa imepoa.